Shajara ya mradi: kupima voliumu kabla sijaamini breikauti

Wiki ya 1, Jumapili usiku, Mbeya

Naanza kuandika haya maendeleo leo kwa sababu nimechoka kubishana na kumbukumbu yangu mwenyewe. Kila nikikaa na wenzangu pale Mafiati tunaongelea chati za forex, kila mtu anakumbuka breikauti zilizomlipa tu, zile feki zinasahaulika, au unasikia "ile ilikuwa bahati mbaya". Mi nataka kila moja iandikwe siku hiyohiyo, na pembeni yake voliumu, yaani wingi wa shughuli sokoni, ilikuwaje.

Mradi wenyewe ni mdogo tu. Nafuatilia EURUSD pekee, yaani bei ya euro kwa dola, timefremu ya H1, kila kendo ni saa moja, akaunti ya dola 200, loti 0.05, yaani pip moja, ile namba ya nne baada ya nukta, ni nusu dola. Breikauti naihesabu pale kendo inapofunga nje ya dari au sakafu ambayo bei imeshaigusa angalau mara mbili huko nyuma. Nasisitiza kufunga, kutoboa kwa mkia afu ikarudi ndani ya saa ileile siihesabu. Na feki kwangu ni ile ambayo ndani ya kendo kumi na mbili imefunga tena ndani ya boksi ilikotoka, yaani kati ya dari na sakafu.

Kilichonisukuma ni Jumanne iliyopita. Dari ilikuwa 1.0872, imeguswa mara tatu tangu Jumatatu, nikawa naisubiri kama mgeni. Saa tano usiku kendo ikafunga 1.0879, pip saba juu ya dari, imenyooka vizuri haina mkia. Nikanunua 1.0880, stopu losi ya kunitoa bei ikigeuka nikaweka 1.0858, nikavuta blanketi (baridi ya Juni huku mnaijua) nikalala na amani kabisa. Asubuhi saa tatu bei ipo 1.0874, haijaenda popote. Saa nne London wakafungua, kendo moja ikashuka hadi 1.0861, inayofuata ikanitoa. Pip 22, dola 11.

Hela yenyewe sio iliyoniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba nilipoirudia ile chati jioni yake nikakuta jibu lilikuwepo pale chini tangu usiku, kwenye vile vimistari vya voliumu ambavyo nimezoea kuvificha ili chati iwe safi. Kendo ya saa tano usiku iliyovunja dari ilikuwa na tiki 640, yaani bei ilibadilika mara 640. Kendo ya London iliyoirudisha ndani ilikuwa na 5,100. Yaani waliopandisha walikuwa wachache mno, na waliosema hapana walikuja wengi.

Wiki ya 1, Jumatano

Leo nilikuwa Uyole kwa mama mmoja anauza viazi, nilienda kumchukulia mdogo wangu gunia mbili. Nikakuta bei aliyonitajia imezidi ya juzi kwa elfu nane. Nikamuuliza, mama, viazi vimepanda? Akaniambia, "Hapana baba, jana jioni alikuja kijana mmoja ana gari inaondoka usiku, anatafuta gunia sita za kujazia, akazichukua kwa hiyo bei. Sasa kila mtu hapa anaitaja hiyohiyo. Huyo alikuwa na haraka zake, we ngoja kesho fuso zije ndo ntakwambia bei."

Nikanunua moja nikaacha moja. Nimeongeza Ijumaa: nimempigia, fuso zimekuja, bei imerudi ileile ya zamani.

Naiandika hapa kwa sababu ndo hadithi ya Jumanne yangu ilivyo. Saa tano usiku kwetu ni saa kumi jioni New York, benki zinafunga mahesabu, London wamelala, Tokyo hawajafungua. Oda moja ya kati, ambayo mchana ingemezwa bila mtu kuiona, muda huo inaweza kuisukuma bei pip saba kwa sababu upande wa pili hamna wauzaji waliopanga foleni. Bei mpya inaonekana kwenye skrini, ila hakuna soko lililoikubali, kuna mtu mmoja tu aliyekuwa na haraka.

Na kuna jambo jingine linalofanya dari kuwa sehemu mbaya zaidi ya kudanganyika. Juu ya dari ndo kuna stopu za waliouza, maana kila aliyeuza pale 1.0870 ameweka stopu yake kidogo juu. Bei ikitoboa, zile stopu zinageuka kuwa oda za kununua zenyewe, zinaisukuma bei pip chache zaidi. Halafu zinaisha. Kama hakuna wanunuzi wapya nyuma yao, pale juu panabaki patupu, na voliumu ndo sehemu pekee kwenye chati yangu ninapoweza kuona kama wapya wamekuja au la.

Wiki ya 2, Jumamosi

Nimefanya hatua ya kwanza ambayo naona kila mtu anaifanya, nimeweka wastani wa kendo 20 kwenye voliumu. Kanuni ni kwamba kendo ya breikauti ikizidi huo wastani mara moja na nusu, imethibitishwa. Nikajisikia nimemaliza kazi.

Sikuwa nimemaliza. Alhamisi saa nne asubuhi ikavunja juu, tiki 3,400, wastani wa kendo 20 zilizotangulia ni 1,900, ukigawanya unapata 1.79. Kwa kanuni hiyo, imethibitishwa vizuri kabisa. Nikaingia. Kabla ya saa saba mchana imerudi ndani ya boksi, nimetolewa tena.

Nimekaa na hii jana usiku kucha karibu. Nikaanza kurudi nyuma siku baada ya siku naangalia kendo ya saa nne asubuhi tu. Kumbe kila siku, hata siku ambayo bei haijafanya chochote, kendo ya saa nne inazidi ule wastani! Na lazima iwe hivyo, kwa sababu kendo 20 zilizo nyuma yake nusu ni za usiku, soko limelala, afu ghafla London wanafungua. Ule wastani ulikuwa unaniambia tu kwamba kumekucha.

Voliumu ya soko hili ina umbo lake la kila siku. Usiku wa manane iko chini, Tokyo wanaiinua kidogo alfajiri, London wanairusha saa nne asubuhi, mchana inalegea kidogo, afu kilele kinakuja alasiri na jioni yetu pale London na New York wako kazini pamoja, halafu inateremka hadi saa sita usiku. Ukilinganisha saa nne asubuhi na saa nane za usiku unalinganisha stendi ya Kabwe mchana na Kabwe alfajiri, halafu unasema leo kuna watu wengi.

Swali sahihi ni je, hii saa nne ya leo ina watu kuliko saa nne za siku nyingine? Nikachukua saa nne asubuhi za siku 20 zilizopita nikazipanga, ya katikati ni 3,900. Ile ya Alhamisi ilikuwa 3,400. Yaani 0.87. Ilikuwa nyembamba kuliko kawaida ya saa yake, na mimi nilikuwa nimeshaipa muhuri.

Wiki ya 3, Jumanne

Nimeiandika kwenye Python maana kwa mkono ningekufa. MT5, ile programu ya chati ninayotumia, inakupa data moja kwa moja kwa `copy_rates_from_pos`, hiyo paketi inafanya kazi Windows tu, kwa hiyo laptop ya zamani ndo inatumika. Nimevuta kendo 2,000, zinarudi nyuma kama wiki 16 au 17 hivi. Sehemu yenye maana ni hii:

```python
df["time"] = pd.to_datetime(df["time"], unit="s")
df["saa"] = df["time"].dt.hour
df["kawaida"] = df.groupby("saa")["tick_volume"].transform(
    lambda s: s.shift(1).rolling(20).median())
df["uwiano"] = df["tick_volume"] / df["kawaida"]
```

Kwa maneno: zipange kendo kwa saa yake, kwa kila kendo angalia saa ileile ya siku 20 zilizopita, chukua namba ya katikati, gawanya. Ile `shift(1)` usiisahau, bila hiyo kendo ya leo inaingia kwenye kipimo chake yenyewe na inajipunguzia uzito. Na nimechukua namba ya katikati badala ya wastani wa kawaida kwa sababu siku moja ya habari kubwa inaweza kuwa na tiki mara nne, ikikaa kwenye wastani inauvuta juu kwa mwezi mzima na kila breikauti nzuri inaonekana nyembamba.

Kitu cha kwanza nilichokifanya ni kuirudia ile Jumanne ya dola 11. Tiki 640, kawaida ya saa tano usiku ni 910, uwiano 0.70. Na kendo ya London iliyoirudisha ndani ilikuwa 5,100 kwa kawaida ya 3,900, uwiano 1.31. Hapo ndo nikaona alama ninayoitaka kwenye kila breikauti feki: sio tu kwamba kutoka kulikuwa kwembamba, bali kurudi kulikuwa kunene kuliko kutoka. Hizo mbili nazisoma pamoja kuanzia leo.

Kitu cha pili kimenishangaza zaidi maana kimekuja upande ambao sikuutarajia. Wiki hiyohiyo kulikuwa na breikauti ya kushuka saa nne usiku, tiki 1,950. Kwa ule wastani wa zamani wa kendo 20 ilikuwa 0.78, ningeiita nyembamba nikaipuuza bila kufikiri. Kwa saa yake lakini kawaida ni 1,100 tu, kwa hiyo uwiano ni 1.77. Ilikuwa kubwa sana kwa saa hiyo, na hiyo breikauti ilishika, haikurudi ndani kabisa. Kwa hiyo kipimo kibovu kilikuwa kinanipitishia feki za asubuhi na kuninyima za kweli za usiku.

Wiki ya 3, Ijumaa

Kabla sijaendelea, niandike kuhusu hii namba yenyewe maana bro mmoja wa Iringa kaniuliza leo na ni swali la haki: "Sasa wewe unapima voliumu ya nini, wakati forex haina voliumu?"

Yuko sahihi nusu. Soko la sarafu halina sehemu moja ambapo dili zote zinaandikwa, kwa hiyo hakuna anayejua euro ngapi zimenunuliwa saa hii dunia nzima. Kile MT5 inachokiita `tick_volume` ni idadi ya mara ambazo bei ya broka wako imebadilika ndani ya kendo. Sio loti, sio hela. Na ile safu nyingine, `real_volume`, kwangu inaonyesha sifuri tupu.

Lakini bei haibadiliki bila mtu kugusa, pakiwa na shughuli nyingi bei inagusika mara nyingi, kwa hiyo tiki zinapanda na kushuka pamoja na shughuli. Nimejiridhisha kwa njia mbili. Kwanza nimefungua demo ya broka mwingine, namba zake ni karibu mara mbili ya zangu ila uwiano unatoka karibu sawa, ile 0.87 yangu kwake ni 0.91. Kwa hiyo namba ghafi usiichukue kutoka kwa mtu wa broka mwingine, uwiano ndo unasafiri. Pili nimeangalia fyucha za euro za Chicago, zile za CME zenye alama 6E, pale voliumu ni ya kweli, mkataba mmoja ni euro 125,000. Siku ambazo tiki zangu zilikuwa nyembamba na kule mikataba ilikuwa michache. Kwa breikauti ambayo siielewi naenda kuangalia kule kabla ya kuamua.

Wiki ya 4, Julai 4

Leo Wamarekani wana sikukuu ya uhuru wao. London wako kazini, New York wamefunga. Saa kumi na mbili jioni EURUSD ikatoboa dari na kufunga pip tisa juu. Grupu zima linashangilia, watu wanatuma skrinishoti. Uwiano wangu unasoma 0.41.

Sijaingia. Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni, akauliza mbona unaiacha na umeisubiri siku mbili? Nikamwonyesha vile vimistari vya chini, jioni ya jana na ya leo, akasema hata yeye anaona vimekuwa vifupi kama vile data imekatika. Kaka mtu nilifurahi sana kwa hilo, maana ni kweli, mtu akishajua aangalie wapi hahitaji hesabu kubwa.

(Nimeongeza usiku. Saa tatu usiku imefunga ndani ya boksi. Ila hii kurudi nako kulikuwa kwembamba, 0.45, kwa hiyo sijauza pia. Kwa siku kama hii hamna upande wenye watu, na breikauti feki iliyorudi bila voliumu sio sababu ya kuingia upande wa pili.)

Wiki ya 5, Alhamisi na Ijumaa

Hii naielezea kwa urefu kwa sababu ndo ya kwanza iliyokwenda kama kitabu na nimeichukua mwanzo hadi mwisho.

Dari ilikuwa 1.0905, imeguswa mara tatu kwa siku mbili. Kitu nilichokiona kabla hata haijavunja ni kwamba kila ikigusa dari ikarudi chini, mteremko wake ulikuwa mfupi zaidi ya uliopita na voliumu ya kushuka ilikuwa chini ya kawaida, 0.8, afu 0.7. Wauzaji wanapungua nguvu. Sikuingia kwa hilo, niliandika tu.

Alhamisi saa kumi jioni kendo ikavunja na kufunga 1.0921. Kilele chake 1.0924, maana yake imefunga karibu na juu kabisa, hakuna aliyeipiga kichwani. Tiki 8,200 kwa kawaida ya 5,000, uwiano 1.64. Hakukuwa na habari yoyote kubwa saa hiyo, niliangalia kalenda. Sasa hapo zamani ningenunua palepale 1.0921, na stopu yangu ingelazimika kuwa mbali. Safari hii nikasubiri irudi kuigusa dari ya zamani, kwa sababu kurudi ndo kunakonyesha kama wauzaji bado wapo.

Kendo ya saa kumi na moja ikashuka, uwiano 0.85. Ya saa kumi na mbili ikashuka tena hadi 1.0908, pip tatu tu juu ya dari ya zamani, uwiano 0.72. Hii ndo picha niliyokuwa naitafuta tangu wiki ya kwanza: imetoka kwa kishindo, inarudi kwa kuchoka. Bei inashuka ila hamna anayeisukuma, ni wanunuzi wa mapema wanachukua faida yao ndogo. Linganisha na ile ya Juni, ilitoka kwa kunyata ikarudishwa kwa kishindo. Ni umbo lilelile limegeuzwa.

Saa moja jioni, kendo ya saa kumi na mbili ikiwa imefunga, nikanunua 1.0911. Stopu 1.0893, ndani ya boksi la zamani kwa pip 12, kwa sababu ikifunga huko basi nilichokiamini hakipo tena. Hatari pip 18. Umeme ukakata saa mbili, nikaiangalia kwa simu hadi nilipolala. Ijumaa mchana ikafika 1.0947 nikafunga. Pip 36, dola 18.

Wiki ya 6

Nimepata hitilafu kwenye data na naiandika maana mtu mwingine ataikuta. Breikauti mbili za mwezi wa tatu zilikuwa zinatoka na uwiano wa ajabu, saa nne asubuhi zinaonekana nyembamba kupita kiasi, saa tano zinaonekana nene kupita kiasi. Nikadhani ile programu yangu ya Python ndo mbovu.

Ni saa za wenzetu. Seva ya broka wangu inafuata New York, na Wamarekani wanasogeza saa zao Jumapili ya pili ya Machi wakati Ulaya wanasubiri Jumapili ya mwisho ya Machi. Katikati hapo London wanafungua saa moja baadaye kwenye seva, kwa hiyo kendo ya saa nne haina London ndani yake, iko kwenye ya saa tano. Inatokea tena wiki moja mwishoni mwa Oktoba. Hizo wiki nimezitoa kabisa kwenye hesabu. Na kwa sisi huku ambao hatusogezi saa, kumbuka sasa hivi saa ya seva yangu ni sawa na ya Mbeya ila kuanzia Novemba itakuwa nyuma kwa saa moja. Ndo maana naandika saa ya seva kwenye faili, sio ya ukutani.

Wiki ya 8, Ijumaa

Leo ripoti ya ajira ya Marekani, ile ambayo kwa kawaida inatoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, msimu huu inaangukia saa tisa na nusu alasiri kwetu. Kendo ikavunja sakafu, uwiano 2.9. Kubwa kuliko yoyote niliyoandika tangu nianze. Na kabla ya saa kumi na mbili ilikuwa imerudi ndani ya boksi.

Kwa hiyo voliumu nene peke yake haitoshi, na ukiitazama vizuri ile kendo ilikuwa inasema. Imeshuka pip 40, ikafunga pip 6 tu chini ya sakafu, mkia mrefu chini. Watu wengi mno, matokeo kidogo. Tiki zote zile zilikuwa za pande mbili zinapigana, waliouza walikutana na mtu aliyenunua kila kitu walichomletea. Voliumu inahesabu waliokuja, haisemi nani kashinda, hilo unalisoma kwenye sehemu kendo ilipofunga.

Nimeongeza safu moja kwenye faili: umbali wa kufunga kutoka kileleni (au chini kabisa kama inashuka) ukigawanya na urefu wote wa kendo. Ile ya wiki ya 5 niliyoinunua ilikuwa imefunga robo ya juu kabisa. Hii ya leo ilifunga karibu na juu wakati inapaswa kuwa ya kushuka. Na kendo ya habari naiwekea alama H, siihesabu kama uthibitisho hata ikiwa na uwiano wa tano, nasubiri inayofuata.

Wiki ya 9, Jumapili

Shemeji yangu ana hisa za benki kule DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, akaniomba nimtumie hiki kipimo kwa soko letu. Nimejaribu wikiendi nzima. Pale Dar voliumu ni ya kweli, ni hisa zilizobadilishana mikono, hapo wametuzidi. Ila kaunta nyingi, yaani hisa za kampuni mojamoja, zinakaa siku bila dili hata moja, kwa hiyo kawaida ya siku 20 inakuwa namba ndogo sana, afu siku moja mtu mkubwa anamuuzia mwenzake fungu walilokubaliana kabla, uwiano unaruka hadi 30 wakati bei haijasogea wala hakuna mnunuzi mpya. Nimemwambia aangalie idadi ya dili pembeni ya idadi ya hisa. Hisa laki tano kwa dili mbili ni watu wawili tu. Hisa elfu arobaini kwa dili themanini, hapo kuna soko. Kendo za saa kule hazina maana, siku nzima ndo kipimo, na hata hivyo kwa kaunta tatu nne zinazouzika kila siku.

Mwenyewe alinishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, afu akasema basi hisa zake anazishika kwa ajili ya gawio. Nadhani kaamua vizuri.

Wiki ya 10, Jumatano

Watu wananiuliza asilimia, kwamba breikauti zenye uwiano juu ya 1.5 zinashika ngapi katika mia. Sijaandika na siandiki bado, nina breikauti chache mno kwenye faili na nyingi ni za miezi ya katikati ya mwaka ambayo soko linakuwa pole. Ninachotumia kwa sasa ni hivi tu: chini ya 1.0 siingii hata bei iwe nzuri vipi, juu ya 1.5 nasubiri irudi na naangalia kama kurudi ni kwembamba, kati ya hapo naandika bila kuweka hela. Hiyo ya katikati ndo inanisumbua, kuna kadhaa za 1.2 ambazo zilikwenda mbali bila mimi.

Jana usiku kuna moja imevunja 1.0962 saa nne, uwiano 1.24, imefunga katikati ya kendo. Nimeiandika, sijaingia. Sasa hivi ni saa tatu na dakika hamsini asubuhi, bei imekaa 1.0966, juu ya dari kwa pip nne, haishuki haipandi. Nimewasha jiko niweke chai, London wanafungua dakika kumi zijazo.